Uwiano wa mkopo kwa thamani ya dhamana: kwa nini nyumba ya milioni 10 haiwekewi rehani kwa mkopo wa milioni 10

Maswali yafuatayo huulizwa na watu wanaotaka kununua nyumba kwa mkopo au kuweka rehani ardhi waliyo nayo tayari. Mifano na sheria zinazotajwa ni za Kenya, kwa kuwa taratibu za kuuza dhamana hutofautiana baina ya nchi na nchi, na ni taratibu hizo ndizo zinazoeleza sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Kiasi chote cha fedha kimetajwa kwa shilingi za Kenya.

Uwiano wa mkopo kwa thamani ni nini?

Ni sehemu ya thamani ya mali ambayo mkopo unaichukua, ikitajwa kwa asilimia. Hesabu yake ni fupi:

```
uwiano = (mkopo ÷ thamani ya mali) × 100
```

Nyumba ikiwa na thamani ya milioni 10 na benki ikakubali kukopesha milioni 7, uwiano ni asilimia 70. Milioni 3 zinazobaki ni zako: ama unazitoa mfukoni kama malipo ya awali ukiwa unanunua, ama zimo tayari ndani ya mali ukiwa unaweka rehani nyumba isiyo na deni.

Thamani inayotumiwa ni ipi? Nimepewa ripoti yenye thamani tatu tofauti.

Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa kwa kawaida huwa na thamani ya soko, thamani ya kuuza kwa kulazimishwa, na thamani ya bima. Ya kwanza ni bei ambayo muuzaji asiye na haraka na mnunuzi mwenye taarifa wangekubaliana baada ya mali kutangazwa kwa muda wa kutosha. Ya pili ni makadirio ya kiasi ambacho mali ingeleta ikiuzwa kwa mnada, katika muda mfupi, mara nyingine mwenyewe akiwa bado anaishi ndani na hataki mtu aingie kuikagua. Wathamini wengi huiweka karibu na robo tatu ya thamani ya soko. Ya tatu ni gharama ya kuijenga nyumba upya ikiteketea. Hiyo haihesabu ardhi kabisa, kwa sababu ardhi haiungui, na ndiyo maana katika mitaa ambako ploti ni ghali thamani ya bima huwa ndogo mno ikilinganishwa na hizo nyingine.

Benki nyingi hukokotoa uwiano kwa thamani ya soko, lakini jicho la afisa wa mikopo huwa kwenye ile ya pili. Ukiwa unanunua, benki huchukua kilicho kidogo kati ya bei ya mkataba na thamani ya mthamini. Kama umekubali kununua kwa milioni 11 nyumba ambayo mthamini ameiona ni ya milioni 10, asilimia 70 itahesabiwa kutoka milioni 10, na ile milioni moja ya ziada ni juu yako yote.

Hati ya ardhi imo mikononi mwa benki. Inahofia nini hata isikopeshe thamani yote?

Hati si fedha. Baina ya siku mkopaji anapoacha kulipa na siku fedha zinapoingia benki kuna safari ndefu iliyopangwa na sheria, na katika muda huo wote riba inaendelea kulimbikizwa ilhali mali haimwingizii mkopeshaji hata senti. Tazama hatua zilivyo nchini Kenya.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, benki haiwezi kuanza kuchukua hatua mpaka mkopaji awe amekosa kulipa kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo inampa ilani ya kisheria ya siku 90 arekebishe hali. Siku hizo zikipita bila malipo, benki hutoa ilani ya pili, ya kusudio la kuuza, ambayo ni ya siku zisizopungua 40. Kisha faili huenda kwa mpiga mnada, naye kwa kanuni za mwaka 1997 humpa mkopaji siku 45 nyingine za kuikomboa mali yake, na mnada wenyewe sharti utangazwe siku 14 kabla haujafanyika. Ukizijumlisha, hata pale ambapo hakuna aliyebisha wala kukosea tarehe, zinapita siku zaidi ya 210, yaani takriban miezi 7. Nyundo ikishaanguka bado fedha hazijaja, kwa sababu masharti ya kawaida ya minada ni mnunuzi kulipa asilimia 25 siku ile na kupewa hadi siku 90 kumalizia.

Hiyo ndiyo njia isiyo na vikwazo. Ilani ikipelekwa kwa anwani isiyo sahihi, hatua hiyo huanza upya. Mkopaji akienda mahakamani kuomba zuio, na ni haki yake, mnada unaweza kusimama kwa miezi au miaka. Kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa uwiano huu asianze na bei ya nyumba. Aanze na kalenda. Ile asilimia 30 ambayo benki haikopeshi haisemi chochote kuhusu ubora wa nyumba yako. Ni makadirio ya muda utakaopotea, punguzo la mnada, na gharama za kuuza.

Naomba mfano wenye tarakimu.

Tuchukue nyumba yenye thamani ya soko ya milioni 10, na mkopo wa milioni 7 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, wa kulipwa kwa miaka 15. Malipo ya kila mwezi ni takriban 93,200. Mkopaji analipa bila kukosa kwa miaka miwili, kisha biashara yake inaanguka na malipo yanakoma.

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni deni lililobaki. Katika miezi hiyo 24 amelipa zaidi ya milioni 2.2, lakini deni limeshuka kutoka milioni 7 hadi milioni 6.68 tu, maana mwanzoni mwa mkopo mrefu karibu malipo yote huenda kwenye riba. Mwezi wa kwanza kabisa, kati ya zile 93,200, riba peke yake ilikuwa kama 81,700. Kwa hiyo miaka miwili ya nidhamu imeipa benki usalama wa ziada wa kama 320,000 pekee.

Sasa tuseme kumekuwa na kesi fupi, na kutoka malipo yalipokoma hadi fedha za mnada zilipoingia imepita miezi 18. Kwa riba ile ile, bila hata kuongeza adhabu ya kuchelewa, deni limefika kama milioni 8.23. Nyumba imeuzwa kwa robo tatu ya thamani ya soko, yaani milioni 7.5. Ondoa 400,000 za mpiga mnada, mthamini, wakili na malimbikizo ya kodi za ardhi za kaunti, zinabaki milioni 7.1. Benki imekosa milioni 1.13, na huu ulikuwa mkopo wa asilimia 70, ambao mteja mwenyewe pengine aliuona ni wa kibahili.

Rudia hesabu hiyo kwa mkopo wa asilimia 90. Deni la mwisho linakuwa kama milioni 10.59, fedha za mnada ni zile zile milioni 7.1, na pengo ni karibu milioni 3.5. Kwa mkopo wa asilimia 60, deni linafika milioni 7.06 na fedha za mnada zinalifunika kwa kubakiza kama 40,000. Kwa masharti niliyoyaweka hapa, basi, mstari kati ya hasara na usalama uko karibu na asilimia 60. Fupisha muda uwe miezi 6 badala ya 18, na ule mkopo wa asilimia 70 nao unakaribia kujitosheleza, ukipungukiwa na kama 60,000 tu, ingawa tumeona kwamba miezi 6 haitoshi hata kumaliza ilani zilizowekwa na sheria.

Kuna kikomo kimoja kinachomlinda mkopaji katika hali hii. Sheria ya Benki ya Kenya, kupitia kifungu cha 44A, huzuia benki kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipoacha kulipwa. Katika mfano wetu riba isingeweza kupita milioni 6.68 hata kesi ikae miaka kumi. Kinga hiyo ni nzuri, ila nayo ni sababu nyingine ya benki kutotaka kesi ikae miaka kumi.

Mali ikiuzwa kwa zaidi ya deni, benki inabaki na faida?

Hapana. Fedha za mauzo hugawanywa kwa mpangilio wa kisheria: kodi na ada za ardhi zinazodaiwa, gharama za kuuza, deni la benki, kisha wadai wengine wenye rehani juu ya mali hiyo hiyo kama wapo. Kinachobaki ni cha mwenye mali. Benki haiwezi kutajirika kwa kuuza nyumba ya milioni 10 kwa sababu ya deni la milioni 4, na hoja kwamba inakopesha kidogo ili ije kunyakua mali haisimami kisheria.

Kisichofahamika sana ni upande wa pili. Mauzo yasipofunika deni, salio halifutiki. Mkataba wa rehani karibu daima huwa na ahadi ya mkopaji binafsi ya kulipa deni, kwa hiyo yule wa mfano wetu amepoteza nyumba na bado anadaiwa milioni 1.13. Kwa mtazamo huo uwiano mdogo humlinda mkopaji kama unavyoilinda benki.

Benki inaweza kuuza kwa bei ya kutupa mradi ipate fedha zake?

Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi huitaka ipate bei bora inayopatikana kwa busara wakati wa kuuza, na kabla ya hapo ifanye uthamini wa bei ya kuuza kwa kulazimishwa. Mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mahakama huanza kwa kudhania kwamba benki imekiuka wajibu wake, nayo benki ndiyo itakayobeba mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Bei ya chini ya mnada vilevile sharti itokane na uthamini usiozidi miezi 12. Hapa ndipo ile robo tatu inapopata uzito wake: chini ya hapo benki inajikaribishia kesi, hivyo inapokopesha hujiuliza kama deni litatoshea ndani ya robo tatu ya thamani baada ya kuondoa gharama.

Mwenzangu alipewa asilimia 90, mimi nikapewa 60 katika benki ile ile. Kuna upendeleo?

Huenda, lakini tazama kwanza aina ya mali. Nyumba ya kuishi katika mtaa wenye wanunuzi wengi huuzika upesi na bei yake inajulikana, kwa hiyo hukopeshewa sehemu kubwa zaidi. Jengo la biashara lenye mpangaji mmoja, kiwanda, hoteli ya ufukweni au shule ya kibinafsi vina wanunuzi wachache, na anayenunua hoteli iliyomshinda mwenzake huomba punguzo kubwa. Ploti tupu hupata sehemu ndogo kwa sababu haileti kodi ya pango, na bei za maeneo mapya mara nyingi ni za matarajio. Ardhi ya kilimo ina kikwazo cha ziada, nacho ni idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayohitajika wakati wa kuweka rehani na tena wakati wa kuuza.

Pia kuna mali ambayo uwiano wake ni sifuri hata iwe ya thamani kiasi gani. Ardhi ya familia ambayo hati bado ina jina la babu aliyefariki, bila mirathi kukamilika, haiwezi kuwekwa rehani. Barua ya kugawiwa ploti pekee kwa kawaida haitoshi. Nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mke au mume, na rehani iliyowekwa bila ridhaa hiyo inaweza kubatilishwa mahakamani, jambo ambalo lingeiacha benki na karatasi isiyo na dhamana nyuma yake.

Ninaomba asilimia 30 tu ya thamani, na bado nimenyimwa. Kwa nini?

Kwa sababu uwiano hujibu swali la pili tu. Swali la kwanza la benki ni: fedha za kulipa kila mwezi zitatoka wapi? Mwenye ploti ya milioni 20 anayepata 60,000 kwa mwezi hawezi kubeba mkopo wa milioni 6, ambao kwa masharti ya mfano wetu ungemtaka alipe karibu 80,000. Kwa mwajiriwa kuna pia kizuizi cha Sheria ya Ajira, ambacho hakiruhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, na benki nyingi hujiwekea kiwango kilicho chini ya hapo. Mkopo uliotolewa kwa kutegemea kuuza dhamana ni mkopo ambao benki imekubali mapema kwamba hautalipwa, na mkopeshaji makini hautaki huo.

Je, nimwombe mthamini aipandishe thamani kidogo ili mkopo utoshe?

Uwiano unaoonekana kwenye karatasi utashuka, lakini deni na bei ya mnada havitabadilika. Nyumba ya milioni 10 ikiandikwa milioni 13, mkopo wa milioni 9.1 utasomeka kuwa asilimia 70, ilhali kwa hakika ni asilimia 91, na tumeshaona hesabu ya asilimia 90 inavyoishia. Atakayedaiwa salio ni wewe.

Ndiyo sababu benki huteua wathamini wake yenyewe na kumtaka mteja alipe ada. Ripoti iliyopandishwa hujionyesha kwa namna kadhaa. Mauzo yaliyotumiwa kulinganisha huwa ya mtaa mwingine ulio bora, au ni bei zilizotangazwa na mawakala badala ya bei zilizolipwa. Bei hiyo hailingani na ile iliyotumiwa kukadiria ushuru wa stempu. Na kama nyumba imepangishwa, kodi ya pango haiiungi mkono: nyumba inayodaiwa kuwa ya milioni 13 huku mpangaji akilipa 35,000 kwa mwezi inaleta 420,000 kwa mwaka, kasoro kidogo ya asilimia 3.3 ya thamani hiyo, na afisa makini atauliza maswali.

Uwiano hubadilika baada ya kupata mkopo?

Hubadilika kila mwezi, kwa kuwa deni linashuka na bei ya mali haikai mahali pamoja. Bei zikipanda, unaweza baadaye kuomba nyongeza juu ya rehani ile ile, ingawa benki itataka uthamini mpya. Zikishuka sana, deni linaweza kuzidi thamani ya nyumba.

Hong Kong ilipitia hali hiyo. Tangu mwaka 1991 benki za huko zilifuata mwongozo wa kutokopesha zaidi ya asilimia 70 ya thamani ya nyumba. Kati ya 1997 na 2003 bei za nyumba zilianguka kwa zaidi ya asilimia 60, hivyo hata ile akiba ya asilimia 30 ilifagiliwa kwa wengi walionunua kileleni. Hata hivyo, mikopo ya nyumba iliyochelewa kulipwa kwa zaidi ya miezi mitatu haikupita asilimia 1.43 ya mikopo yote, kiwango kilichofikiwa mwaka 2001. Watu walikuwa wameweka fedha zao nyingi ndani ya nyumba, wengi walikuwa wamelipa kwa miaka kadhaa kabla ya anguko, na waliendelea kulipa. Mtu aliyetoa milioni 3 zake mfukoni haziachi kirahisi kama aliyeingia bila kutoa chochote, na benki huzingatia hilo inapopanga uwiano, hata kama haliandikwi kwenye barua ya ofa.

Malipo ya awali nikishayapata, kuna kingine cha kuweka tayari?

Kipo, na huwavunjia wengi ununuzi siku za mwisho. Asilimia 70 huhesabiwa kwa thamani ya nyumba, si kwa gharama yote ya kuinunua. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini nchini Kenya ni asilimia 4, na mashambani asilimia 2. Kuna pia ushuru wa asilimia 0.1 ya mkopo kwa kusajili rehani, ada za mawakili wa pande zote mbili ambazo mara nyingi hukuangukia wewe, ada ya mthamini, na bima. Kwa nyumba ya milioni 10 mjini, ushuru wa stempu peke yake ni 400,000. Asiye na zaidi ya zile milioni 3 za malipo ya awali anaweza kuiomba benki ipandishe uwiano hadi asilimia 75, au aweke mali ya pili kama dhamana ya nyongeza, ambayo ni afadhali akubaliane na benki kwa maandishi kwamba itaachiliwa deni litakaposhuka hadi kiwango kilichotajwa. Bila sharti hilo, mali zote mbili hubaki chini ya rehani mpaka shilingi ya mwisho ilipwe.